Maneno ya picha ya barabara iliyojaa maji: namna ya kuyaandika Lubumbashi mvua ikishakatika

Mvua ya Lubumbashi hunyesha kwa pupa halafu hukatika ghafla, kama mgeni aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Robo saa haipiti, simu zinaanza kulia. Inaingia picha ya barabara iliyogeuka maji mekundu, na chini yake mtu ameandika "Lubumbashi yetu" na kuongeza nyuso tatu za kucheka. Inafuata nyingine ya hivyo hivyo, na nyingine. Kuanzia Novemba hadi Aprili picha hizo hazina idadi, na nyingi hazimchekeshi mtu wala hazimwambii apite wapi.

Nimelisimamia kundi la WhatsApp la mtaa kwa misimu minne ya mvua, na humo nimejifunza kwamba maneno mawili matatu mazuri chini ya picha hufanya kazi mbili kwa pamoja. Humchekesha mtu aliyelowa, na humsaidia ambaye bado hajatoka nyumbani. Nitaeleza ninavyofanya kwa kufuata picha moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ni picha ya binamu yangu, fundi cherehani anayekaa Katuba na kushona Kamalondo. Kila asubuhi anapita mtaa wa Kenya kwa miguu, na Kenya, kama wenyeji wanavyojua, maji yakikosa njia hukaa barabarani.

Ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Saa ya kwenda kazini alinitumia picha pamoja na sauti fupi: "Yaya, niandike nini hapa?" Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Kwanza tazama kama maji hayo yanachekeka

Kabla ya neno lolote nilimwuliza maswali mawili. Maji yamefika wapi mwilini, na yamesimama au yanakwenda?

Mwili ndio kipimo tulicho nacho sote. Maji ya unyayoni, ya kwenye kifundo cha mguu, hata yale ya nusu ya muundi yaliyotulia, hayo ni maji ya viatu na yanaruhusu mzaha. Yakifika gotini, au yakiwa yanakimbia, mzaha unaisha. Watu wa usalama wa mafuriko wanafundisha kwamba maji ya sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuibeba gari ndogo, na 60 zinaondoka na gari nyingi za kawaida. Sentimita 15 hazifiki hata katikati ya muundi. Kwa hiyo picha ya mtu anayecheka akivuka maji yanayokimbia inaweza kumfanya mwingine ajaribu mahali hapo hapo nusu saa baadaye, maji yakiwa yameongezeka.

Kuna mambo mengine yanayofunga mlango wa mzaha hata maji yakiwa machache. Kama yameingia ndani ya nyumba za watu, kama ukuta umelala, kama waya wa umeme umeanguka au nguzo imeinama juu ya maji, kama kuna mtu anatafutwa, andika habari yenyewe kwa maneno ya kawaida na usichekeshe. Mama anayechota maji sebuleni kwa beseni hana haja ya kusoma kwamba mtaa wake umepata bwawa la kuogelea. Nimewahi kuona maneno ya aina hiyo chini ya picha ambayo pembeni yake, ukiikuza, kulikuwa na godoro limetundikwa juu ya mlango. Aliyeandika hakuliona. Tangu siku ile kila picha naikuza na kuitazama pembe zote nne kabla ya kuandika.

Binamu yangu akajibu kwamba maji yamefika kwenye kifundo, sehemu moja yamepanda juu ya hapo kidogo, na yamesimama. Mtaro, ule tunaouita kanivo, umezibwa na chupa na mifuko, ndiyo maana hayaendi. Nyumba za pande zote mbili ziko juu kidogo, na milango imekauka. Basi haya yalikuwa maji ya viatu.

Usiondoke hapo bila vitu vitatu

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Watu hupiga picha, huondoka, halafu huketi kazini wakitafuta utani kichwani. Kichwani kuna utani wa watu wote: barabara imekuwa bahari, tumepata Venisi yetu, samaki watafika kesho, tununue mitumbwi. Haya yamesemwa tangu watoto wa leo hawajazaliwa.

Nina mtihani mmoja ninaoufanya. Funika picha kwa kiganja, usome maneno peke yake. Je, yanaweza kuwekwa chini ya picha ya Kinshasa, au ya Jangwani kule Dar es Salaam, bila kubadilisha kitu? Kama yanaweza, hayajaandikwa kwa ajili ya picha yako. "Barabara imekuwa bahari" inakwenda kila mahali. Ndiyo maana haimgusi mtu popote.

Dawa yake iko palepale ulipo ungali umelowa. Kusanya vitu vitatu: hesabu moja, kitu kimoja kinachofanyika, na jambo moja lililowapata viatu. Hesabu inaweza kuwa dakika za kuzunguka, idadi ya hatua, bei, au idadi ya watu wanaongoja zamu ya kuvuka. Kinachofanyika ni kile ambacho picha haikionyeshi vizuri kwa sababu picha haina mwendo wala sauti. La viatu unalijua mwenyewe.

Nikamwambia binamu yangu arudi hatua kumi nyuma, atazame, aniambie. Alituma sauti ya pili, ndefu, na ndani yake mlikuwa na mali yote. Vijana wa mtaa wamepanga matofali ya saruji majini, yako 11, ameyahesabu. Ukivuka unawapa 500 franka. Tofali la 9 linacheza, ukilikanyaga linainama upande wa kushoto. Yeye alivua viatu akavishika mkononi kwa kuogopa hilo hilo, mguu wa kushoto ukaingia majini, lakini viatu vilipita vikavu. Wenye manseba, yaani pikipiki za abiria, wanageuza na kuzungukia kwenye barabara ya lami upande wa uwanja wa Mazembe. Njia yake ya dakika 10 kutoka pale hadi kazini imekuwa ya 40, kwa sababu watu walikuwa wengi kwenye foleni ya matofali.

Sikiliza jinsi habari hiyo ilivyo tajiri. Hakuna mtu wa Dar wala wa Kinshasa anayeweza kuichukua.

Jambo dogo kuhusu picha yenyewe. Ukichuchumaa na kuishusha simu karibu na maji, maji yanaonekana mapana mara mbili au tatu, na mawingu yanajitazama humo kama kwenye kioo. Inapendeza. Lakini ukipiga hivyo, maneno yako ndiyo yenye wajibu wa kusema upana wa kweli, la sivyo mtu atadhani mtaa mzima umefungwa na ataacha kwenda kazini. Matofali 11 yanamwambia msomaji upana ule bila futi wala mita, maana kila mtu anajua hatua ya kutoka tofali hadi tofali.

Watu walio ndani ya picha

Hapa niseme kwa ufupi. Uso wa mtu mzima unaoonekana wazi, mwombe. "Mama, naomba ruhusa, nipige foto ya hii maji?" Mara nyingi atakubali, na mara nyingine atakupa utani bora kuliko wako. Mtoto aliyelowa mpaka kiunoni usimtie kabisa. Mtu aliyeanguka pia usimtie, hata akicheka mwenyewe, kwa sababu jioni huenda hatacheka. Miguu, viatu, matofali na maji vinatosha. Binamu yangu alikuwa amepiga miguu mitatu ya watu na mkono wake mwenyewe ulioshika viatu, nyuso hazionekani. Nilifurahi.

Na kama barabara ni ya nyumbani kwako, usiandike jina la avenyu pamoja na namba. Taja soko, kanisa, famasi au kituo ambacho kila mtu anakijua. Ndivyo tunavyoelekezana mjini hapa hata jua likiwaka.

Mzaha uangukie kiatu

Sasa tunaandika. Mzaha wa mvua una sehemu nyingi za kuangukia. Unaweza kumwangukia mpita njia, jirani, mwenye duka ambaye maji yamefika kwenye ngazi yake, au kijana wa manseba aliyezimikiwa na chombo katikati. Wote hao wana asubuhi mbaya tayari. Kiatu hakina moyo wa kuumia. Ukikicheka, mwenye kiatu anacheka pamoja nawe kwa sababu naye ana kiatu kilicholowa.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana methali zake nyingi zina maji na njia ndani yake, na msomaji akisikia mwanzo anaungojea mwisho anaoujua. Ukimpa mwisho mwingine, anacheka. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu:

"Maji ukiyavulia viatu, huna budi kuyavuka."

Methali yenyewe ni ya kuvulia nguo na kuyaoga. Neno "nguo" limeondoka, "viatu" vimeingia, na "kuyaoga" imekuwa "kuyavuka", ambayo sikioni iko karibu na "kuyavulia". Maneno mawili tu yamebadilika. Hicho ndicho kiasi. Ukibadilisha matatu au manne, msomaji haioni tena methali ya zamani, na mzaha unazama.

Nyingine zilizofaa katika kundi letu:

"Haba na haba hujaza kibaba. Leo kibaba ni kiatu cha kushoto."

"Penye nia pana njia, ila leo njia inazungukia uwanjani."

"Mtaka cha kuvuka sharti akunje suruali."

Lakini methali ina mpaka wake. Moja inatosha kwa picha moja. Pia isirudiwe wiki ile ile, kwa maana msimu una mvua nyingi na watu wana kumbukumbu. Na kama una habari tajiri kama ile ya matofali, iache methali kando kabisa, kwani inakula nafasi ya kitu ambacho mtu mwingine hana.

Binamu yangu aliandika mara nne. Ninaziweka zote hapa kwa sababu kila moja inaonyesha kosa lake.

Ya kwanza: "Hali ya barabara zetu jamani, mpaka lini?" Huo ni mlalamiko, na una haki, lakini alikuwa ametaka kuwachekesha wenzake wa kiwandani. Mlalamiko ukiuweka chini ya picha ya kuchekesha, watu hawajui wacheke au wakasirike, wanapita. Nilimshauri mlalamiko aupe siku yake na picha yake: kanivo iliyoziba, karibu, chupa zionekane.

Ya pili: "Leo tumevuka bahari ya Shamu kwa miguu mikavu, hahaha." Nzuri kidogo, na mtu wa kanisa ataielewa. Ina makosa mawili. Bahari imerudi, na tena miguu haikuwa mikavu. Na ile "hahaha" inamwambia msomaji acheke, kama mtu anayekufinya mbavu. Mzaha ulioiva hauhitaji kusindikizwa.

Ya tatu: "Kuna matofali 11 yaliyopangwa na vijana na mtu anapaswa kulipa 500 franka ili avuke na mimi nilivua viatu vyangu na nikavishika mkononi kwa hiyo havikulowa ingawa mguu wangu ulilowa." Habari zote zimo, lakini zimefungwa fungu moja kama kuni. Kinachochekesha, yaani viatu kupita vikavu, kimekwama katikati, kisha sentensi inaendelea mpaka kicheko kinapoa.

Hapo nikamwambia jambo moja tu: kinachochekesha kikae mwisho, na baada yake weka nukta. Akafuta, akaandika:

"Daraja jipya lina matofali 11, kuvuka ni 500 franka. Viatu vyangu vimepita bure, vilikuwa mkononi."

Niliposoma nilicheka peke yangu jikoni. Tazama alivyofanya. Ameyaita matofali "daraja jipya", bila kueleza kwamba anatania, kwa sababu picha iko pale juu na inaeleza. Ameweka bei kama mtu anayetoa tangazo la kweli. Kisha viatu vimekuwa abiria wasiolipa. Na hakuna mtu aliyechekwa: vijana wa matofali wamepata hata sifa, daraja lao limetajwa.

Angalia pia vitenzi. "Vimepita" ni hali iliyokwisha na ambayo bado tunaiona. "Vilikuwa" inarudi nyuma kutoa sababu. Kama angeandika "viatu vinapita bure, viko mkononi," mzaha ungekuwa tangazo la bei ya viatu, na msomaji angejiuliza. Kwa picha ya maji, -me- ndiyo rafiki wa kwanza: maji yamejaa, barabara imefunga, mguu umelowa. Tumia -na- kwa kile kinachoendelea bado na ambacho mtu anapaswa kukijua kabla hajafika: tofali la 9 linacheza.

Baada ya kicheko, toa njia

Mtu aliyecheka sasa anataka kujua kama na yeye atakutana na maji hayo. Usimwache akuulize. Kama chini ya picha yako watu wawili wameandika "ni wapi?", hiyo ni alama kwamba maneno yako yana upungufu, hata kama yamependwa na wengi.

Vinavyotakiwa ni vichache: mahali, siku na saa, nani anapita na nani hapiti, na mzunguko unapita wapi. Saa iandike kama simu inavyoionyesha, 7h30, kwa sababu ukiandika "saa moja na nusu" kuna watakaohesabu Kiswahili na watakaohesabu Kifaransa, na mvua ya Lubumbashi haingoji mpatane. Siku ni ya lazima. Picha ikitumwa kwa WhatsApp hupoteza taarifa za ndani za tarehe na mahali ilipopigwa, na picha ya mafuriko haizeeki usoni: ya mwaka juzi na ya leo zinafanana. Kila msimu kuna picha ya zamani inayorudi kama mpya na kuwatia watu hofu. Nimeona watu wakimkataza mtoto kwenda shule kwa sababu ya maji yaliyokauka miaka miwili iliyopita.

Tena maneno ya chini ya picha hupotea kirahisi. Mtu akihifadhi picha kwenye simu yake na kuituma upya, maneno hayaendi nayo. Kwa hiyo mahali na siku viandike pia juu ya picha yenyewe, kwa kile kitufe cha herufi, kwenye kona isiyofunika maji. Maneno mawili matatu: "Kenya, Jumanne 7h30". Mzaha ukipotea njiani si hasara kubwa. Siku ikipotea ni hasara.

Kuhusu mzunguko, andika ule tu ulioupita au ulioona wengine wakiupita asubuhi ile ile. Usikisie. Njia iliyokuwa nzuri wiki iliyopita inaweza kuwa na shimo leo, na shimo chini ya maji mekundu halionekani: udongo wetu huyatia maji rangi, huwezi kuona kina. Ndiyo maana tofali la 9 lilipaswa kurudi kwenye maneno. Linachekesha kidogo, na linamwokoa mama mwenye mzigo kichwani.

Hivi ndivyo maneno ya mwisho yalivyokuwa:

"Daraja jipya lina matofali 11, kuvuka ni 500 franka. Viatu vyangu vimepita bure, vilikuwa mkononi.
Kenya, nyuma ya soko, Jumanne 7h30. Maji ya kifundo, yamesimama. Tofali la 9 linacheza, likanyageni katikati. Manseba na gari zinazungukia lami ya upande wa uwanja wa Mazembe. Ukitoka Katuba, ongeza dakika 30."

Mzaha uko juu, njia iko chini. Mpangilio huu una sababu. Kwenye simu maneno marefu hukatwa, na msomaji huona mwanzo tu mpaka abonyeze. Mwanzo unaochekesha humfanya abonyeze. Instagram inakubali herufi 2,200 na X ya bure inakubali 280, lakini usihesabu nafasi uliyopewa. Hesabu kile ambacho mtu aliyesimama kwenye foleni, simu mkono mmoja na viatu mkono mwingine, anaweza kusoma. Kama ni X, toa dakika na toa soko, bakiza mzaha, mtaa, saa na mzunguko.

Kama maji ni ya hatari, geuza mpangilio: onyo juu kabisa, na mzaha usiwepo.

Kiswahili gani?

Binamu yangu aliogopa kwamba akiandika kama tunavyosema nyumbani, atachekwa. Mimi sioni hivyo. Kwa kundi la mtaa, Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina joto ambalo kile cha vitabuni hakina, na mzaha ni mtoto wa nyumbani. Kwenye statu yake aliandika hivi:

"Daraja iko na matofali 11, kupita ni 500. Bilatu yangu ilipita bule, ilikuwa mu mikono."

"Bilatu" tu inatosha kuwafanya watu wa hapa watabasamu, kwa sababu wanaisikia sauti ya mtu wanayemjua. Lakini sehemu ya njia niliomba aiache katika Kiswahili ambacho mgeni wa Bukavu au dereva aliyetoka Kasumbalesa ataelewa bila kuuliza. Lugha ya nyumbani kwa kicheko, lugha ya wote kwa njia. Sheria hiyo haina mfalme aliyeitunga, ni mazoea yangu, na yamenifaa.

Nyuso za kucheka weka moja au acha. Nikiona tano najua aliyeandika hana uhakika na maneno yake.

Maji yakiondoka

Statu ya WhatsApp hukaa saa 24. Maji ya Kenya siku ile yalikaa kama saa 8. Maana yake kuna saa 16 ambazo maneno ya binamu yangu yangekuwa yanawazungusha watu bure kupitia uwanjani. Na ujumbe wa kundi hauwezi kurekebishwa baada ya dakika 15. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kurudi. Ukipita jioni, piga picha mahali pale pale, uso wa simu ukielekea upande ule ule, uandike mistari miwili. Ile ya asubuhi ifute kwenye statu. Kwenye kundi iache, lakini ijibu kwa picha mpya ili zisomwe pamoja.

Alipotoka kazini vijana walikuwa wamezibua kanivo kwa chepe na fimbo, maji yameteremka, barabara imebaki na tope jekundu linalovuta soli. Akapiga picha. Safari hii hakuniuliza kitu, nikaisoma pamoja na wengine kwenye kundi:

"Kenya, nyuma ya soko, Jumanne 16h00. Maji yameondoka, wote wanapita, tope linateleza karibu na kanivo. Daraja limefungwa kwa kukosa mto. Tofali la 9 limelala, hatimaye."

Jirani mmoja, mama wa mboga aliyevuka mara mbili siku ile, akamjibu papo hapo: "Na ile 1,000 yangu, itarudishwa na nani?"